Herufi R kando ya Utaridi

*"Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Lamu tarehe 3 Mei 2003, saa tatu asubuhi. Niliingiza kwenye app ya nyota nikaona Utaridi ina herufi R kando yake, na buruji ya kuchomoza ni Hutu. Rafiki yangu akaniambia R maana yake akili imezaliwa kinyumenyume, ndiyo sababu mtu akiniuliza kitu naduwaa, na jibu zuri linanijia usiku nikishalala. Nafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni Shela, na bosi ameanza kuniita goigoi. Kuna mtu anataka shilingi elfu kumi na tano anigeuzie nyota. Nitoe?"*

Marahaba, mwanangu. Usitoe hata shilingi. Nyota ya kuzaliwa haigeuzwi kwa pesa wala kwa zinguo, na hiyo Utaridi unayoiogopa iligeuka yenyewe ikaanza kwenda mbele tarehe 20 Mei 2003, wewe ukiwa na siku kumi na saba na mama yako bado yumo ndani ya arubaini. Huyo mtu wako amechelewa miaka mingi.

Sasa tukae tuiangalie vizuri, kwa sababu R ile ina maana kwa sisi tunaosoma nyota, ila si maana uliyopewa.

Siku ukiwa na nafasi, nenda Mkunguni pale mbele ya ngome, umwombe mtoto akimbie akizunguka mti mmoja. Wewe simama mbali kidogo, usisogee. Akiwa upande wa pili wa mti utamwona anakwenda, tuseme, kutoka kulia kwenda kushoto. Akizunguka akaja upande wako, akawa kati yako na mti, utamwona anakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Hajageuka yule mtoto. Uso uko mbele, mbio ni zile zile. Tofauti ni kwamba sasa amekuja karibu yako, na unaiona ile nusu ya mduara ambayo mwanzo ilikuwa mbali.

Mti ni Jua, mtoto ni Utaridi, na wewe uliyesimama ni Dunia. Kwa kweli na sisi hatujasimama. Dunia hulizunguka Jua kwa siku 365, Utaridi hulizunguka kwa siku 88 tu, kwa hiyo hutukuta na kutupita kila baada ya siku 116 hivi. Kila inapotupita kwa upande wa ndani, kwa muda wa wiki tatu na ushei, tukiitazama mbele ya nyota nyingine tunaiona inarudi nyuma. Wenye kuchora chati huweka R hapo. Wazee wa falaki waliosoma kwa Kiarabu walisema sayari *imerejea*, na hata lile neno la Kurani, *khunnas*, wafasiri wengi wa zamani walilieleza kuwa ni zile sayari tano zenye tabia ya kwenda kisha zikarudi.

Wewe una bahati ya kuwa na mfano ulioonekana kwa macho. Siku nne tu baada ya kuzaliwa kwako, tarehe 7 Mei 2003, Utaridi ilipita sawasawa mbele ya uso wa Jua. Kuanzia kama saa mbili asubuhi hadi saa saba na nusu mchana kwa saa zetu, mwenye darubini iliyofungwa kichujio cha Jua aliweza kuiona: kidoa cheusi kidogo kinachotambaa juu ya duara jeupe. Kwa kawaida hupita juu kidogo au chini kidogo ya Jua na hatuioni, lakini mara ile ilipita kati yetu na Jua barabara. Kwa hiyo Utaridi uliyozaliwa nayo haikuwa imepotea njia. Ilikuwa inakuja karibu nasi, imeupa mgongo mwanga, upande wenye giza ukiwa umetuelekea sisi. Hiyo picha iweke akilini, maana usomaji wote wa R unatoka hapo.

Tena si jambo la ajabu. Wiki tatu na ushei katika kila siku 116 ni karibu mtu mmoja kati ya watano. Katika darasa lako la watu arubaini, saba au wanane walikuwa na herufi hiyo hiyo, na nina hakika mmoja wao alikuwa ndiye msemaji kuliko wote. Zuhura hurudi nyuma mara chache zaidi, kama siku arubaini hivi katika kila miezi 19, na Mirihi kama miezi miwili na nusu katika kila miaka miwili na ushei, kwa hiyo wenye R ya hizo ni wachache zaidi: kama saba katika mia kwa Zuhura, na tisa hivi kwa Mirihi. Mushtarii na Zohali hurudi miezi minne na zaidi kila mwaka, ndiyo maana R yao haituambii mengi juu ya mtu mmoja. Jua na Mwezi hazirudi nyuma abadani. Ukiona mtu ameandika kwamba Mwezi wake una R, mwambie aifute app hiyo.

Rafiki yako amechanganya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Lipo lile vumi linalokuja mara tatu au nne kwa mwaka, kwamba Utaridi inarudi nyuma, msisaini mkataba, simu zitaharibika, boti itakwama. Hiyo ni Utaridi ya leo, iliyo angani kwa kila mtu. Yako ni ya siku ya kuzaliwa, na sisi huisoma kama namna ya mtu kufikiri, wala si kama kipindi cha mikosi. Mtu hawezi kuishi miaka ishirini na zaidi ndani ya wiki tatu.

Wanajimu wenyewe hawakubaliani juu ya R. Wale wa zamani walioandika kwa Kiarabu waliihesabu sayari iliyorejea kuwa dhaifu, kama mgonjwa: kazi yake inacheleweshwa, ahadi yake inarudi mlangoni. Wahindi, ambao nao wamekuwa na sisi pwani hii siku nyingi, huiita *vakri*, na katika hesabu yao ya nguvu za sayari, ile iliyorejea hupata alama za juu, kwa kuwa iko karibu na inang'ang'ania. Usomaji wa tatu, ninaoutumia mimi, ni mchanga. Ulikuja karne ya 20, wanajimu wa Ulaya na Amerika walipoanza kuisoma chati kama picha ya nafsi ya mtu kuliko orodha ya yatakayompata. Wao walisema: sayari iliyorejea inafanya kazi ile ile, ila inaanzia ndani. Nimeuchagua huu kwa sababu unaweza kuupima kwa maisha ya mtu. Akikataa, amekataa, huwezi kumlazimisha. Ukimwambia mtu "una mkosi", atautafuta mkosi mpaka aupate.

Kabla sijafika kwenye usomaji wako, kuna kitu kimenishtua katika swali lako. Umesema umezaliwa saa tatu asubuhi, na app imekupa kuchomoza kwa Hutu, yaani buruji iliyokuwa ikipanda mashariki saa uliyozaliwa ni Hutu. Hayo mawili hayakai pamoja.

Hesabu yake ni nyepesi. Jua linapochomoza, buruji inayochomoza ni ile ile lililomo Jua. Siku yako Jua lilikuwa Thauri, kwenye digrii ya 12 hivi. Hapa Lamu mwezi wa tano jua hutoka kama saa kumi na mbili na dakika kumi. Kila buruji huchukua takriban saa mbili kupanda. Thauri ilikuwa imebakiwa na digrii 18, yaani saa moja na robo hivi, kisha ikafuata Jauza. Kufika saa tatu, Jauza ilikuwa imeshapanda zaidi ya nusu, iko kwenye digrii ya 21 hivi. Hutu ilikuwa imeshapanda zamani, usiku.

Nadhani unajua ulichofanya. Uliandika 3:00. App haijui Kiswahili. Kwake 3:00 ni saa tisa ya usiku. Ilitakiwa uandike 09:00. Kosa hili nimeliona mara nyingi kiasi kwamba siku hizi, mtu akinionyesha chati, la kwanza namwuliza aliandikaje saa. Mwulize na mama yako. Mwezi ulikuwa umeandama siku moja au mbili kabla, Mfungo Sita ndiyo unaanza, kwa hiyo saa tisa usiku siku ile kulikuwa na giza totoro bila mwezi. Mzazi hasahau kama alijifungua gizani au jua likiwa limeshapanda juu ya Manda.

Kosa la saa halikubadilisha ile R. Utaridi ilikuwa inarejea usiku na mchana tangu 26 Aprili hadi 20 Mei, na saa ya kuzaliwa huja kuwa muhimu kwa R pale tu mtu amezaliwa siku yenyewe inapogeuka. Lakini saa ilibadilisha kitu kikubwa zaidi: nani mwenye chati, yaani sayari inayoitawala buruji ya kuchomoza. Kwa Hutu, mwenye chati ni Mushtarii, na Utaridi ni mgeni tu. Kwa Jauza, mwenye chati ni Utaridi mwenyewe. Kwa hiyo ile R ambayo kwa mtu mwingine ningeipita kwa sentensi moja, kwako naikalia. Na kwa kuwa nyumba kumi na mbili za chati huhesabiwa kuanzia buruji ya kuchomoza, na Thauri iko nyuma ya Jauza, Utaridi yako inaangukia nyumba ya 12, nyumba ya faragha, ya usiku, ya yale mtu anayoyafanya akiwa peke yake.

Mimi humfananisha Utaridi na karani. Kazi yake ni tatu: kupokea habari, kuipanga, kuitoa. Karani wa kawaida hufanya yote dirishani, mteja akimwona. Anapokea, anapanga huku anaongea, anatoa, na akikosea anasahihisha papo hapo kwa mdomo. Karani aliyerejea hupokea karatasi dirishani, kisha huondoka nayo akaingia chumba cha nyuma. Huko anaisoma, anailinganisha na ya jana, anaisoma tena. Mteja aliye dirishani haoni kitu. Anaona kiti kitupu, anasema karani goigoi. Wakati huo huo kazi inafanyika, pengine vizuri kuliko ya yule wa kwanza, ila inatoka kwa kuchelewa, na mara nyingi inatoka ikiwa imeandikwa kuliko kusemwa. Wako, kwa kukaa nyumba ya 12, amefunga na mlango wa chumba cha nyuma. Hilo la jibu kukujia usiku taa zikizimwa ni karani anayetoka na faili lake baada ya ofisi kufungwa.

Niulize na mengine ya aina hii nikuambie nini ningetarajia. Unarudia mazungumzo kichwani siku mbili baadaye, neno kwa neno. Unaona kosa kwenye bili ambalo watatu wameshalipita. Ujumbe wako wa simu unaeleweka kuliko maneno yako. Hukubali jambo mpaka ulipitishe kwako mwenyewe, hata kama aliyelisema ni mkubwa. Na kuna moja ambalo ndilo linaloleta ugomvi kazini, na watu wenye R wenyewe hawalijui: unadhani umeshasema jambo, kumbe umelisema kichwani. Bosi anauliza, "Umemwambia nahodha kuwa wageni wamebadilisha saa?" Unajibu ndiyo, kwa moyo safi, na unakumbuka hata maneno uliyotumia. Nahodha hajaambiwa kitu. Ulipanga kumwambia, ulitunga sentensi, sentensi ikabaki chumba cha nyuma. Jichunguze kwenye hilo kwanza, kabla ya hilo la kuduwaa.

Lakini nisikubebeshe R kila kitu. Utaridi yako imo Thauri, kwenye digrii ya 18 hivi, na Thauri hata bila R ni buruji ya mwendo wa jahazi lililopakia boriti. Uzito wa kusema unaweza kuwa wa Thauri. Namna ya kutofautisha ninayoitumia ni hii. Mzito wa Thauri akishajua jibu huwa amemaliza; halirudii, halibadilishi, hata akiambiwa vinginevyo. Mwenye R hulifungua tena jibu ambalo ameshalitoa. Anakwenda nyumbani, anagundua kwamba angesema vingine. Wewe umesema jibu *zuri* ndilo linalokujia usiku, maana yake mchana ulitoa jingine ukalikataa. Hapo R inasikika.

Utakutana pia na atakayekuambia kwamba Utaridi yako imeungua, kwa kuwa ilikuwa digrii sita hivi tu kutoka kwenye Jua, na sayari iliyo karibu hivyo na Jua huhesabiwa imeunguzwa. Ataongeza: "imerejea *na* imeungua, maskini, mikosi miwili." Mwache aseme. Rudi Mkunguni ukamtazame yule mtoto: akipita kati yako na mti, lazima apite karibu na mti. Utaridi iliyorejea huungua katikati ya safari yake kila mara, kwa sababu ndiyo njia yenyewe. Ni jambo moja linalohesabiwa mara mbili. Mimi kuungua hukusoma kama kuongezea kidogo tu: mtu hawezi kuyaona mawazo yake kwa mbali, anahitaji kuyaweka kwenye karatasi ndipo ayatambue. Wewe ulizaliwa siku nne kabla ya ile tarehe 7, ukingoni mwa kuingia ndani kabisa, kwa hiyo hilo kwako lina uzito.

Tunayo hesabu nyingine ambayo kila siku moja baada ya kuzaliwa huhesabiwa mwaka mmoja wa maisha. Kwa hesabu hiyo, zile siku kumi na saba mpaka Utaridi kugeuka ni miaka kumi na saba. Yaani mwaka wako wa kugeukia nje ungekuwa katikati ya 2020. Wanajimu hupenda sana mwaka huo. Watasema ndipo ulipoanza kutoa sauti, kuandika, kupata marafiki wa kuongea nao. Naikubali hesabu lakini nakuonya juu yake. Mwaka 2020 shule zote nchini zilifungwa mwezi wa tatu, na watoto wa umri wako walikaa nyumbani miezi kwa miezi na simu mkononi. Kila mtu wa miaka kumi na saba alibadilika namna ya kuzungumza mwaka ule, mwenye R na asiye na R. Ukinijibu "kweli mwalimu, ndipo nilipobadilika", sitapiga kifua. Kitakachonishawishi ni kitu cha kwako peke yako.

Na hapa nisikufiche: wanaastronomia hawakubali kwamba sayari kuonekana inarudi nyuma kunaweza kumtengeneza mtu tabia. Kwao ni suala la nani amesimama wapi, kama yule mtoto wa Mkunguni, na kuhusu angani wako sahihi. Ninachokupa ni lugha ya kujitazama. Ikikusaidia kuona jambo, itumie. Ikikufunga, iache. Ndiyo maana nasema mtu anayechukua elfu kumi na tano kugeuza R anauza dawa ya kivuli.

Ninaomba uende kwa daktari kwanza ikiwa moja katika haya ni kweli. Kama huduwai tu bali husikii vizuri maneno ya kwanza, hasa kukiwa na kelele za watu au za feni, na unajikuta unasema "eeh?" mara nyingi, pima masikio. Kama maneno unayo lakini hayatoki, ulimi unakwama kwenye herufi, hicho ni kigugumizi, na wapo wataalamu wa matamshi. Kama moyo unadunda, mikono inatoka jasho na kichwa kinakuwa cheupe kila anapokuja mgeni, hiyo ni hofu ya watu na ina tiba. Na kama uzito huu ulianza karibuni, baada ya kuanguka, homa au dawa mpya, usiningoje mimi hata siku moja. R ipo tangu kuzaliwa. Kilichoanza mwezi uliopita si R.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kukosea. Miaka mingi nyuma, nilipokuwa Malindi, mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka mitatu ambaye hakuwa akisema zaidi ya maneno manne. Nikaangalia chati, Utaridi ina R, nikafurahi kwa jinsi ilivyokaa vizuri. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, Utaridi yake itageuka akiwa na miaka mitano, atasema mpaka amchoshe. Shangazi yake mtoto hakuniamini. Alikwenda nyuma ya mtoto, akagonga sufuria kwa mwiko. Mtoto hakugeuka. Masikio yake yalikuwa yamejaa maji kwa ndani, hospitali wakayashughulikia, na maneno yakaanza kutoka kabla ya mwaka kwisha. Kama wangenisikiliza mimi, angekaa miaka miwili zaidi kwenye kimya kile. Tangu hapo, mtoto asiyesema simfungulii chati mpaka aletwe na karatasi ya masikio.

Ukishajiridhisha kwamba masikio na moyo viko salama, tuje kwenye mapokezi. Karani wa chumba cha nyuma hafundishwi kuwa karani wa dirishani. Anapelekewa kazi mapema. Wageni wa Shela huuliza yale yale kila siku: mashua ya mwisho kwenda mjini ni saa ngapi na ni kiasi gani, njia ya ufukweni inapitika maji yakijaa, punda anabeba mizigo mingapi, nani ana funguo za paa. Hilo la maji peke yake hubadilika kila siku, kwa sababu bamvua ikija ile njia ya chini humezwa. Basi usiku, wakati huo huo majibu yanapokujia, yaandike kwenye daftari, pamoja na saa za maji kujaa na kupwa za kesho. Asubuhi daftari liwe wazi mezani. Mgeni akiuliza, hutafuti jibu, unalisoma. Kwa lile swali ambalo halimo, jifunze sentensi moja ya kutoka dirishani bila kuacha kiti kitupu: "Nipe dakika mbili nikuhakikishie." Goigoi hunyamaza. Mtu akisikia hiyo, anajua kazi inaendelea.

Na kwa lile la kudhani umesema: ukimwambia nahodha, weka alama kwenye daftari *baada ya* kumsikia akijibu. Usiweke ulipopanga. Fanya hivyo wiki tatu, kisha hesabu ni mara ngapi ulitaka kuweka alama ukakuta hujamwambia. Zikiwa nyingi, usomaji wangu unashika. Zikiwa hamna, nimekosea, na tutatafuta kwingine.

Jambo la mwisho ni karatasi. Kuchomoza kwako kuko digrii ya 21 hivi ya Jauza, na zimebaki kama tisa tu kuingia Saratani. Hizo tisa ni kama nusu saa na ushei. Ikiwa "saa tatu" ya mama yako kwa kweli ilikuwa saa tatu na nusu na dakika zake, mwenye chati anakuwa Mwezi, Utaridi inatoka kwenye faragha na kuingia nyumba ya 11 ya marafiki na jamaa, na nusu ya niliyokuambia juu ya chumba kilichofungwa mlango inaanguka. R itabaki, lakini itakuwa ya mtu anayefikiri ndani akiwa katikati ya watu, na huyo tungemsoma vingine. Tafuta ile kadi ya kliniki ya mama au karatasi ya kujifungulia. Mara nyingi muuguzi huandika saa kwa dakika, kwa mfumo wa saa 24. Ukiipata njoo nayo mjini, baada ya alasiri huwa nipo barazani. Usinitumie picha ya app. Niletee karatasi yenyewe.